Brifingi "es" hotelini au "está" hotelini?

Naongoza wageni Kilimanjaro nikiwa naishi Moshi, na vijana wanaojifunza Kihispania huniletea sentensi niwakagulie. Wiki iliyopita dogo mmoja, mpagazi anayetaka kuwa mwongoza wageni, alinionyesha ujumbe kabla hajautuma kwa wageni:

"La charla está en el hotel a las seis."

Yaani brifingi iko hotelini saa kumi na mbili. Sentensi si sahihi, ila kosa lenyewe lina sababu. Amefundishwa kwamba mahali ni "estar", na Kiswahili kinamsukuma huko huko: sisi husema hoteli iko Moshi, na brifingi nayo iko hotelini. Kihispania hapo kinatofautisha vitenzi viwili vya "kuwa": "estar", kinachotoa "está" na "estoy", na "ser", kinachotoa "es" na "soy".

Hatua ya kwanza: angalia hicho unachotaja mahali pake ni nini. Je, ni kitu, mtu au sehemu? Basi ni "estar": "El hotel está en Moshi." Hata mlima usiohama miaka yote ni "está", kwa hiyo ile kanuni ya "ser ni cha kudumu, estar ni cha muda" isahau kabisa kwenye mahali. Ukisema "Soy en Moshi" umekosea. Sema "Estoy en Moshi".

Hatua ya pili: kama ni tukio, jaribu kuweka "inafanyika", kwa Kihispania "tiene lugar". Brifingi inafanyika hotelini? Ndiyo. Hoteli inafanyika Moshi? Hapana, unacheka. Ikikubali, tumia "ser": "La charla es en el hotel a las seis." Hiyo ni sahihi. Harusi, mkutano, sherehe, vyote huenda hivyo.

Hatua ya tatu ndiyo inayowakwamisha wengi, maana neno moja laweza kuwa kitu na tukio pia. Chukua "cena", chakula cha jioni. Mko kambi ya Horombo mlimani, mita 3,720, mgeni ametoka kibandani na kuuliza "¿Dónde es la cena?" Anataka kujua tunakula wapi, umwelekeze bwaloni. Akiuliza "¿Dónde está la cena?" anatafuta chakula chenyewe, pengine njaa imemzidi. Sentensi zote mbili ni sahihi; usimsahihishe mgeni.

Angalizo: kanuni hii ni ya mahali tu. "La charla está cancelada", brifingi imefutwa, ni sahihi kabisa ingawa brifingi ni tukio, kwa sababu hapo unaeleza hali iliyofikia.

Dogo alibadilisha neno moja akataka kutuma. Nikamwuliza, kaka, "seis" umeihesabu kwa saa zetu au zao? Kumbe brifingi ilikuwa saa sita mchana. Akaandika upya: "La charla es en el hotel a las doce."