Kunyanyua ndoo ya maji: kutumia video kwenye animesheni bila kunakili kila fremu

Mchora animesheni Max Fleischer alipoomba hataza ya rotoskopu mwaka 1915, alikuwa akimulika filamu kwenye kioo, fremu moja baada ya nyingine, na kuchora juu yake. Leo simu na kompyuta vinafanya kazi hiyo, lakini tatizo la tangu zamani bado lipo: ukifuatisha kila fremu, mistari inatetemeka, na mhusika anaonekana kama anaelea, hata kama mtu uliyemrekodi alikuwa na uzito wa kweli mikononi.

Njia ninayoifuata ni hii: muda unatoka kwenye video, pozi nachora mwenyewe. Tuichukulie kazi moja: dada anachota maji ufukweni Mwanza, anainama, ananyanyua ndoo ya lita 20 na kuitua kichwani.

Hatua ya 1: Rekodi

Ndoo iwe na maji kweli. Lita 20 ni kilo 20, na hakuna anayeweza kuuigiza uzito huo kwa ndoo tupu, mgongo utamsaliti. Muombe ruhusa, mweleze video ni ya nini, na umlipe kwa muda wake.

Simu ikae kwenye stendi au juu ya jiwe, kwenye kimo cha kiuno chake, isiguswe. Ukiishika mkononi, baadaye nyayo zitateleza kwenye michoro na hutajua kosa ni lako au ni la kamera. Simama mbali kiasi, usitumie lenzi pana, na acha nafasi juu ya kichwa kwa ajili ya ndoo. Mrekodi kutoka ubavuni, amegeuka kidogo kukuelekea.

Asubuhi ni bora. Upande wetu jua linatoka nchi kavu na kuzama ziwani, kwa hiyo jioni mtu anayesimama mbele ya maji anakuwa kivuli cheusi, na mkono unaopita mbele ya kifua hauonekani. Simu ikiruhusu, weka kasi ya shata 1/250 ili mikono isiwe na ukungu. Kanga iliyofungwa kiunoni huficha magoti, na magoti ndiyo tunayoyahitaji. Muombe avae suruali au aikunje juu ya goti.

Hatua ya 2: Toa fremu

Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka. Igeuze kwa programu ya ffmpeg iwe fremu 24 kwa sekunde zisizobadilika:

```
ffmpeg -i ndoo.mp4 -vf fps=24 fremu_%03d.png
```

Kwenye programu ya kuchora ya Krita, weka kasi ya 24, nenda File > Import Animation Frames, kisha punguza mwonekano wa leya hiyo hadi kama asilimia 30 na uifunge.

Hatua ya 3: Tafuta fremu zinazobeba kitendo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Icheze video polepole, kalamu ikiwa chini, na uandike kila mahali mwendo unapogeuka au kitu kinapogusa kitu kingine. Kwa video ya sekunde 3, yaani fremu 72, orodha yangu ingekuwa hivi:

- 1: amesimama
- 16: ameinama, mikono imeshika ndoo
- 22: mikono imenyooka, ndoo bado iko chini
- 34: ndoo inakaa juu ya paja
- 40: mkono mmoja umeshahamia chini ya kitako cha ndoo
- 52: ndoo iko juu kabisa, magoti yanaanza kukunjwa
- 56: ndoo inagusa ngata
- 60: magoti yamezama mwisho
- 66: magoti yamenyooka, shingo imetulia
- 72: hatua ya kwanza

Tazama kati ya 16 na 22. Mwili unavuta, mabega yanashuka, lakini ndoo haijaondoka. Ni robo ya sekunde tu, na uzito wote wa kitendo hiki umekaa humo. Wengi huokoa muda kwa kuchora kila fremu ya nane: 1, 9, 17, 25 na kuendelea. Kwa hesabu hiyo, kwenye 17 mikono imeshashika na kwenye 25 ndoo iko hewani. Kule kuvuta kumepotea. Vivyo hivyo 57 na 65 zinairuka 60, ambapo magoti yanaupokea mzigo. Ndoo itapanda kama puto, na mchoraji atadhani shida ni mchoro wake kumbe ni fremu alizochagua.

Hatua ya 4: Chora mifupa, siyo umbo la nje

Kwenye fremu hizo kumi, chora vitu vichache: mstari wa nyonga, mstari wa mabega, uti wa mgongo, duara la kichwa, miguu, mikono na ndoo. Ukifuatisha ukingo wa nguo, kila kunjo jipya linakuwa mstari mpya, na hapo ndipo mtetemo unapoanzia.

Sasa zima leya ya video. Usiiwashe tena kwa hatua hii. Sukuma kila pozi kidogo kuelekea kile inachosema. Kwenye 22, nyonga zirudi nyuma zaidi, mgongo upinde zaidi, mikono inyooke kabisa. Kwenye 60, magoti yashuke zaidi ya yalivyoshuka kwenye video. Nyayo na mahali mikono inaposhika ndoo visihame.

Pima mizani. Dada wa kilo 60 na ndoo ya kilo 20 ni kilo 80, kwa hiyo robo ya uzito wote iko kwenye ndoo. Ndoo ikiwa mbele ya kifua, kiwiliwili lazima kiegemee nyuma. Ikiwa kichwani, shusha mstari wima kutoka katikati ya ndoo: upite karibu na nyonga na kuangukia kati ya nyayo. Ukiangukia nje, mtazamaji ataona anaanguka.

Hatua ya 5: Jaza katikati

Weka pozi kumi kwenye namba zilezile za fremu, halafu washa Onion Skins, uone kwa ukungu michoro ya fremu za jirani. Kabla ya kujaza, chora njia ya kitako cha ndoo kutoka chini hadi kichwani. Itakuwa na mapinde mawili yanayokutana pajani, na kila mchoro wa katikati ukae juu ya njia hiyo.

Kwa sehemu kubwa, kila mchoro ukae fremu mbili. Kutoka 46 hadi 56, ndoo inaporushwa juu, chora kila fremu, kwa sababu umbali kati ya michoro ni mkubwa na jicho litaona mruko. Kati ya 16 na 22 ndoo isisogee hata kidogo. Mabega na mgongo ndivyo vifanye kazi. Maji yachelewe: ndoo ikisimama kwenye 56, uso wa maji uinuke upande mmoja fremu chache baadaye.

Hatua ya 6: Jaribio

Mchague mhusika kwenye fremu zote na umjaze rangi nyeusi tupu, kisha icheze animesheni. Kama kitendo hakisomeki, kiwiko au goti limejificha ndani ya kiwiliwili. Ligeuze hata kama kwenye video halikuwa hivyo.

Halafu mwonyeshe mtu aliyezoea kuchota maji, bila video, bila maelezo, na umuulize ndoo ina maji kiasi gani. Akisema imejaa, endelea na nguo na rangi. Akisema nusu, rudi kwenye 16 hadi 22 uongeze fremu mbili za kuvuta. Akisema tupu, itazame 60.