Somo: Kumpa alama za mwaka aliyeanza vibaya kisha akapanda

Tumchukue karani wa ankara. Robo ya kwanza alikosea ankara 12 katika kila 100, ya pili 8, ya tatu 4, ya nne 2. Machi msimamizi alimpa 1 kati ya 5. Desemba anafungua fomu, anaiona ile 1, anasema "kajitahidi", anaandika 2. Hapo hajapima kazi, ameisogeza tu alama ya zamani. Ile 1 imekuwa nanga.

Hatua ya 1. Anza na fomu tupu. Kama mfumo unaonyesha alama za nyuma, jaza kwanza kwenye karatasi.

Hatua ya 2. Andika kipimo kabla ya kutazama kazi. Kwa mfano: makosa zaidi ya 10 ni alama 1, 5 hadi 10 ni 2, 3 au 4 ni 3, 1 au 2 ni 4, bila kosa ni 5. Kisha soma ushahidi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Robo zake, kwa mpangilio wa mwaka, zinatoka 1, 2, 3, 4.

Hatua ya 3. Tenganisha maswali mawili ambayo wengi huyachanganya. Sasa yuko wapi? 4. Mwaka mzima umetoka vipi? Wastani, 2.5. Ziandike zote mbili. Ipi itumike kwa bonasi na ipi kwa kupandishwa cheo, liamuliwe kabla ya kumtazama mtu yeyote.

Hatua ya 4. Sasa fungua fomu ya Machi. Angalia hasa vipengele visivyohusu ankara, kama kushika muda. Ukikuta ulimpa alama ya chini huko na huna mfano hata mmoja, nanga ilivuta mpaka huko.

Maswali ya wanachama

*Huku si kumwonea aliyefanya vizuri mwaka mzima?*
Hapana. Mwenye makosa 2 kila robo anapata 4 na 4. Huyu 4 na 2.5. Uonevu unakuja ukimpa huyu 5 kwa sababu umeguswa na alikotoka. Hilo nalo ni nanga, ila linavuta upande wa pili.

*Je, kama kazi ilipungua tu?*
Ndiyo maana tunahesabu kwa kila 100. Lakini uliza pia aina ya ankara: kama zile ngumu zilihamishiwa kwa mwenzake mwezi Julai, sehemu ya nafuu hiyo si yake.

*Sikuweka kumbukumbu yoyote kabla ya Agosti.*
Chimbua ankara zilizorudishwa na barua pepe, zina tarehe. Kichwa chako usikitegemee kwa mambo ya Februari. Mara nyingi kimebakiza ile siku moja mliyogombana.