Samari ya mtihani: ya Historia ifike wapi, ya Hesabu ifike wapi

Wanafunzi wengi wa kidato cha nne hufupisha masomo yote kwa kipimo kimoja, ukurasa mmoja kwa kila mada. Mimi naona urefu wa samari unaamuliwa na jibu utakalotakiwa kuandika. Tuchukue Historia ya NECTA, mada ya Vita vya Majimaji.

Hatua ya 1. Fungua karatasi za miaka ya karibuni uone mada inavyoulizwa. Utakuta sehemu A ina maswali ya kuchagua na ya kuoanisha, alama 16. Sehemu B ni majibu mafupi, maswali sita ya alama 9 kila moja. Sehemu C ni insha: unachagua mbili, alama 15 kila moja. Mada ile ile inaweza kuangukia popote, kwa hiyo inahitaji samari za aina zaidi ya moja.

Hatua ya 2. Kwa sehemu A, andika jozi tu. Jina upande huu, jambo lake upande ule:

Nandete – pamba yang'olewa, Julai 1905
Ngarambe – Kinjeketile na maji ya dawa
Mohoro – Kinjeketile anyongwa, Agosti 1905
Von Götzen – gavana wa Kijerumani

Hapa usitafute sentensi. Ila usipunguze majina, maana wanaotunga maswali huweka chaguo zinazofanana, na ukiwa na "kiongozi wa vita" bila jina umekwama.

Hatua ya 3. Kwa insha, piga hesabu ya muda kwanza. Saa tatu ni dakika 180 kwa alama 100, hivyo insha ya alama 15 ina kama dakika 27. Ukitoa utangulizi na hitimisho, hoja sita zinabakiwa na dakika tatu na ushee kila moja. Ndani ya muda huo unaandika aya moja fupi, basi. Samari inatakiwa ikupe cha kufungulia aya hiyo pamoja na mfano mmoja:

Pamba – shamba la kijiji, kazi ya lazima, ujira kiduchu
Kodi – fedha taslimu, asiye nayo anafanya kazi
Maakida – viboko, watu wa nje ya eneo
Maji – imani moja, makabila mengi

Ndiyo maana samari ya insha huwa fupi kuliko watu wanavyodhani. Wanaoandika aya nzima nzima huishia kuzikariri, na swali likigeuzwa kutoka "sababu za vita" kuwa "sababu za kushindwa" wanamwaga zile zile.

Hatua ya 4. Majibu mafupi yako katikati. Hoja pamoja na neno "kwa sababu" na nusu sentensi. Humu ndimo samari iliyokatwa mno huumbuka: neno "ukatili" peke yake halisemi ni wa nani, kwa nani.

Hatua ya 5. Ipime. Iache siku mbili, kisha jibu swali la zamani ukiwa na samari tu mezani. Ukitazama mstari ukakosa la kusema, ongeza maneno mawili matatu. Ukijikuta unanakili mstari mzima kama ulivyo, kata.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, shikamoo. Hesabu je? Mimi naandika fomula zote karatasi moja, lakini kwenye pepa nashindwa kujua nitumie ipi.*

Marahaba. Fomula tupu ni fupi mno. Kila moja iongezee mstari wa lini inatumika. Kanuni ya sini, kwa mfano: "nina pembe na upande unaoielekea, pamoja na kipimo kingine kimoja". Ukipewa pande mbili na pembe iliyo katikati yao, hapo ni kanuni ya kosini. Kisha weka swali moja lililokokotolewa hatua zote, usiruke hata moja.

*Biolojia nimefupisha mzunguko wa damu kwenye moyo ukawa "kulia mapafu, kushoto mwili". Inatosha?*

Kwa swali la kuchagua pengine. Kwa kueleza, hapana, umeondoa mpangilio, na mpangilio ndio wenye alama. Chora moyo, weka mishale: vena kava, atiria ya kulia, vali, ventrikali ya kulia, ateri ya mapafu, kisha upande wa kushoto hivyo hivyo. Mchoro mmoja wenye majina unachukua nafasi ya nusu ukurasa wa maneno, na ukiulizwa kuchora unao tayari.

*Kwenye grupu letu tumegawana mada, kila mtu afanye samari moja tupeane. Mnaonaje?*

Za jozi peaneni bila wasiwasi. Za insha hazihamishiki vizuri: "maakida – viboko" inamkumbusha aliyeiandika, kwa sababu alisoma kurasa zilizo nyuma yake. Wewe ambaye hukusoma utapata maneno mawili tu. Gawaneni kutafuta maswali ya zamani, samari kila mtu ajiandikie.