Kabla ya kutengeneza wimbi la saini kwa kikusanya fezi na jedwali

Anza na swali moja kabla hujashika waya: jedwali lako, lenye thamani za wimbi moja la saini, litasomwa mara ngapi kwa sekunde? Katika njia hii masafa yote yanatoka kwenye jibu hilo. Chukua Arduino Uno. Saa yake ni megahezi 16, na kihesabu chake cha Timer2 kikiendeshwa katika fast PWM ya biti 8, yaani kutoa mapigo ya upana unaobadilika, bila kugawanya saa, inafurika kila baada ya mapigo 256. Hiyo ni mara 62500 kwa sekunde, na kila ikifurika tunatoa sampuli moja.

Kikusanya fezi ni namba tu, hapa ya biti 32, inayoongezwa hatua ileile kwa kila sampuli. Ikifika 4294967296 inarudi mwanzo yenyewe kama mshale wa saa ya ukutani, na mzunguko mmoja kamili wa namba hiyo ni wimbi moja kamili. Hatua ikiwa kubwa, mzunguko unakamilika upesi na masafa yanapanda. Kwa hiyo:

```
hatua = masafa × 4294967296 / 62500
```

Tuseme unataka hezi 440. Hesabu inatoa 30236569.76, nawe unaandika 30236570. Kuongeza hatua kwa 1 kunabadilisha masafa kwa takriban hezi 0.0000146, kwa hiyo kosa la kukadiria halina uzito wowote. Ungetumia biti 16, badiliko dogo kabisa lingekuwa hezi 0.95, hatua ingekuwa 461, na ungepata hezi 439.64. Amua upana huu mapema, maana ndio unaoamua masafa yapangwe kwa ulaini kiasi gani. Ukubwa wa jedwali hauhusiki hapo.

Jedwali linahusika na usafi wa wimbi. Lenye nafasi 256 linasomwa kwa biti 8 za juu za kikusanya. Zile 24 za chini hazitupwi, zinaendelea kukusanya sehemu ndogo za fezi hadi zisukume nafasi inayofuata. Kila biti ya anwani inayoongezwa hushusha uchafu wa kukata fezi kwa desibeli 6 hivi, kwa hiyo 8 zinakupa karibu 48. Kwa kuwa PWM yenyewe ni ya biti 8, sioni faida kubwa ya jedwali refu zaidi hapa. Kilicho muhimu ni kulijaza sawasawa: 128 + 127 × sin(2πi/256), i ikienda 0 hadi 255. Ukigawanya kwa 255, thamani ya kwanza na ya mwisho zinalingana, na wimbi linasita kidogo kila linapoanza upya.

Kazi ya kila sampuli ni hii tu:

```c
ISR(TIMER2_OVF_vect) {
  fezi += hatua;
  OCR2A = jedwali[fezi >> 24];
}
```

Vigezo vyote viwili viwe uint32_t, na hatua iwe volatile. Usiweke kitu kingine humo: una mapigo 256 tu kabla ya sampuli inayofuata, na zikikosekana sampuli masafa yanashuka. Unapobadili masafa programu ikiwa inaendelea, zima interapti kwa muda unaoandika hatua, kwa sababu chipu ya biti 8 huiandika baiti moja moja na interapti inaweza kuikuta nusu mpya, nusu ya zamani. Usipoizima, utasikia mlio mfupi wa "tap". Kikusanya chenyewe kiache kilipo; usikirudishe sifuri, na wimbi litaendelea bila kukatika.

Andaa pia rezista ya kiloomu 1 na kapasita ya nanofaradi 100 za kuchuja pini ya 11. Zinakata kuanzia hezi 1600 hivi: zile 440 zinapita zikipungua kama asilimia 4, huku mapigo ya PWM ya 62500 yakishuka kwa desibeli 32 hivi. Ukitaka masafa ya juu, chujio hili halifai. Hezi 20000 zina kivuli chake kwenye 42500, na kukitenganisha kunahitaji chujio kali zaidi.

Mwisho, uwe na kifaa cha kupima masafa, kwa sababu Uno hutumia rezoneta ya kauri, inayoweza kupotoka hata kwa asilimia 0.5. Kwenye 440 hiyo ni hezi 2.2, mbali kabisa na ule ulaini wa hesabu. Ukisoma 438, jaribu na 1000, ikitoa 995.5, uwiano ni uleule na kosa ni la saa, kwa hiyo weka 62216 badala ya 62500 kwenye hesabu. Uwiano ukibadilika kila ukibadili masafa, kagua hesabu ya hatua. Na ukisoma karibu 221, umeiweka Timer2 katika phase correct PWM, inayofurika mara 31372.5 tu kwa sekunde.