Jinsi ya kuomba idhini ya kuweka foleni ya ujumbe mbele ya hifadhidata inayoandika polepole

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye seva yake ya kupokea faili inakwama kila jioni kwa sababu hifadhidata haiandiki kwa kasi inayotakiwa, na sasa anataka kumpelekea kiongozi wa timu pendekezo la kuweka foleni katikati. Kuisimika programu ya foleni yenyewe, kwetu RabbitMQ, hakuchukui muda. Kinachochukua muda ni idhini, na ni haki ichukue, kwa kuwa unaomba kubadilisha kile mfumo unachomwahidi mtumiaji anapobonyeza "Tuma". Sisi tulichelewa hapo, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Nitatumia mfano wa mfumo wa risiti za ununuzi wa mazao. Wakala anapima gunia kijijini, anajaza kilo, anapiga picha ya risiti, na simu inatuma ikishapata mtandao. Mawakala wengi hufika penye mtandao wakati mmoja, kuanzia saa 11 jioni. Kila risiti inaandikwa kwenye PostgreSQL, na ndani ya muamala huohuo hifadhidata inasahihisha salio la chama cha msingi na la ghala. Kuandika risiti moja kunachukua sekunde 0.8.

Anza na vipimo

Kiongozi akikuta sentensi "mfumo uko taratibu" atakurudishia karatasi. Mpe namba tatu: risiti ngapi zinaingia kwa sekunde wakati wa msongamano, ngapi zinaingia saa nyingine, na kuandika moja kunachukua muda gani. Mbili za kwanza unazipata kwenye kumbukumbu za nginx. Ya tatu iulize hifadhidata yenyewe, kama `pg_stat_statements` imewashwa:

```sql
SELECT calls, mean_exec_time, query
FROM pg_stat_statements
ORDER BY total_exec_time DESC LIMIT 5;
```

Jibu linakuja kwa milisekunde. Kisha piga hesabu mbele ya msomaji wako. Seva ina miunganisho 20 ya hifadhidata, kila mmoja unashikiliwa sekunde 0.8, kwa hiyo uwezo wote ni risiti 25 kwa sekunde. Jioni zinaingia 40 kwa sekunde kwa dakika 10. Kila sekunde 15 zinabaki zikisubiri. Baada ya sekunde 100 zinazosubiri ni 1,500, na anayefika wakati huo atangoja sekunde 60 kabla ya kuhudumiwa. Kwa mpangilio wa kawaida wa nginx, `proxy_read_timeout` ni sekunde 60, kwa hiyo kuanzia hapo majibu ni 504. Ukiona pia 499 nyingi kwenye kumbukumbu, hizo ni simu zilizochoka kusubiri zikakata zenyewe.

Sasa onyesha foleni ingefanya nini na mzigo uleule. Baada ya dakika 10 kutakuwa na ujumbe 9,000 kwenye foleni. Wa mwisho kuingia utasubiri dakika 6 kabla ya kuandikwa. Msongamano ukipungua hadi risiti 5 kwa sekunde, foleni inapungua kwa 20 kila sekunde, na inaisha baada ya dakika 7 na nusu. Aya hii moja ilimsaidia kiongozi wetu kuliko michoro yote tuliyoambatanisha.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha pia wakati ambapo hupaswi kuomba foleni. Foleni haiongezi kasi ya hifadhidata hata kidogo. Inasogeza tu kazi ya saa ya msongamano kwenda saa tulivu. Kama risiti zinaingia 30 kwa sekunde kutwa nzima na uwezo ni 25, foleni itakua mpaka diski ijae. Hapo dawa ni kuandika kwa mafungu, kuondoa faharasa zisizotumika, au kupunguza kazi inayofanyika ndani ya muamala. Andika kwenye pendekezo ni lipi kati ya hayo umelijaribu na lilileta nafuu gani, kwa sababu utaulizwa.

Ahadi mpya kwa mtumiaji

Kwa mfumo wa zamani, wakala akipata 200 anajua risiti imo kwenye hifadhidata. Kwa foleni, anapata jibu la namna hii:

```
HTTP/1.1 202 Accepted

{"id": "0b7e4c1a-...", "hali": "imepokelewa"}
```

Wakati huo risiti haijaandikwa popote anapoweza kuiona. Kiongozi wetu alisoma ukurasa mzima wa maelezo ya RabbitMQ bila swali, kisha akauliza hivi: "Ndani ya hizo dakika 6 wakala akifungua orodha yake asiione risiti, atafanya nini?"

Atatuma tena, maana mkulima amesimama mbele yake anasubiri kuonyeshwa kwamba kilo zake zimeingia. Bila kujibu swali hilo, foleni uliyoileta kupunguza mzigo itaongeza mzigo, na mkulima mmoja atalipwa mara mbili huku salio la ghala likionyesha kilo ambazo hazipo.

Kwa hiyo pendekezo lieleze mambo mawili kwa ukamilifu. La kwanza ni skrini: risiti ionekane kwenye orodha ya wakala papo hapo, ikiwa na alama ya "inasubiri", na ibadilike kuwa "imehifadhiwa" baada ya kuandikwa kweli. Simu inaweza kuuliza hali kwa kutumia ile `id` kila baada ya sekunde kadhaa. Hiyo ni kazi ya timu ya programu ya simu, kwa hiyo zungumza nao kabla hujapeleka karatasi. Pendekezo letu lilikaa mezani kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiweka kazi hiyo kwenye ratiba yao.

La pili ni kitambulisho cha risiti. Kitengenezwe kwenye simu wakati wakala anapojaza fomu. Kikitengenezwa na seva, kila jaribio linapata kitambulisho kipya na seva haiwezi kutambua kwamba ni risiti ileile. Kikitoka kwenye simu, uandishi unakuwa hivi:

```sql
INSERT INTO risiti (id, wakala_id, kilo, picha)
VALUES ($1, $2, $3, $4)
ON CONFLICT (id) DO NOTHING;
```

Salio lisahihishwe tu pale mstari mpya ulipoingia kweli, ndani ya muamala huohuo. Mweleze kiongozi pia kwamba tatizo la kujirudia lipo tayari hata leo. Simu inapokata na kuacha 499, mara nyingi seva inaendelea na kuandika, kisha wakala anatuma tena. Tafuta risiti zenye wakala mmoja, mkulima mmoja na kilo zilezile ndani ya dakika chache, uambatanishe orodha. Kwetu, orodha hiyo ndiyo iliyofanya kazi ya kitambulisho ikubaliwe hata kabla ya foleni.

Ujumbe usipotee

Hapa kiongozi atataka kujua ni wakati gani hasa seva inaruhusiwa kujibu 202. Jibu: picha ikishahifadhiwa kwenye hifadhi ya faili, na RabbitMQ ikishathibitisha kwamba imeupokea ujumbe. Ndani ya ujumbe kuwe na maelezo ya risiti na njia ya kuifikia picha tu. Picha yenyewe usiipitishe kwenye foleni.

Uthibitisho huo hauji wenyewe. Lazima seva iombe kuthibitishiwa kwa kuwasha `confirm.select`, foleni itangazwe kuwa `durable`, na ujumbe utumwe kwa `delivery_mode=2` ili uandikwe kwenye diski. Ukikosa kimojawapo, RabbitMQ ikizimika ghafla utapoteza risiti ambazo wakala ameshaambiwa zimepokelewa.

Upande wa pili kuna programu ya kibarua, inayotoa ujumbe kwenye foleni na kuandika kwenye hifadhidata. Kibarua akiri kupokea, yaani atume `ack`, baada ya muamala kukamilika, kamwe si kabla. Akizimika katikati, ujumbe unarudi kwenye foleni na kuandikwa tena, na hapo ule mstari wa `ON CONFLICT` unakuokoa mara ya pili. Weka `prefetch` ndogo, tuseme 50, asijirundikie ujumbe ambao vibarua wengine wangeweza kuufanyia kazi. Ujumbe huo 50 anaweza pia kuuandika kwa muamala mmoja, na faida ya kasi mara nyingi iko hapo: salio la chama kimoja linasahihishwa mara moja badala ya mara 50.

Kuna ujumbe ambao hautaandikika hata ukijaribiwa mara mia, kwa mfano wenye kitambulisho cha chama kilichofutwa. Usipouwekea kikomo utazunguka bila mwisho na kuwachelewesha wengine. Tumia foleni ya aina ya `quorum` yenye `x-delivery-limit`, na foleni ya pembeni ya kupokea ulioshindikana. Taja kwenye pendekezo ni nani anaifungua foleni hiyo ya pembeni kila asubuhi. Risiti iliyolala humo ni mkulima ambaye hajalipwa.

Swali la jedwali

Kiongozi mwenye uzoefu atauliza kwa nini usitumie jedwali jepesi ndani ya PostgreSQL, vibarua wachukue mistari kwa `FOR UPDATE SKIP LOCKED`, jambo linalowezekana tangu toleo la 9.5. Ni swali zuri, na kwa timu ndogo hilo mara nyingi ndilo chaguo bora: hakuna seva mpya ya kutunza, na nakala za akiba ni zilezile. Liandike kama chaguo la pili na useme wazi kwa nini hulichukui. Kwetu sababu ilikuwa kwamba risiti ziendelee kupokelewa hata hifadhidata inapozimwa kwa matengenezo, na jedwali lililo ndani ya hifadhidata hiyohiyo haliwezi hilo. Kama huna sababu ya namna hiyo, omba jedwali.

Unachoomba kwa jina

Ukurasa wa mwisho uwe mfupi. Taja seva ngapi za RabbitMQ (foleni za `quorum` zinahitaji tatu ili moja ikianguka kazi iendelee), nani anapigiwa simu usiku, na ni kengele zipi zitalia. Ya muhimu zaidi ni umri wa ujumbe wa zamani kuliko wote. Idadi peke yake inadanganya: ujumbe 9,000 mwishoni mwa msongamano wa jioni ni hali ya kawaida kwa hesabu tulizopiga, lakini ujumbe 40 uliokaa saa nzima maana yake kibarua amekufa. Kwa mfano wetu, kengele ilie umri ukipita dakika 15.

Omba kuanza na mkoa mmoja, ukiwa na swichi ya kurudisha uandishi wa moja kwa moja. Swichi hiyo ikigeuzwa, vibarua waendelee kufanya kazi mpaka foleni iwe tupu. Ukiwazima pamoja nayo, risiti zilizobaki ndani zitakwama zikiwa zimeshaahidiwa. Andika pia ni jambo gani litakalofanya swichi igeuzwe, na nani ana ruhusa ya kuigeuza bila kusubiri kikao.