Somo: Kununua kifurushi cha tuisheni ya mtandaoni bila dakika kukufia mkononi

Assalaam alaykum wazazi wenzangu, na wanafunzi mnaojilipia wenyewe.

Wengi mmeniuliza kifurushi gani cha tuisheni ya mtandaoni ni rahisi. Kabla ya bei nataka tuulizane jambo jengine: katika dakika unazolipia, ngapi mtoto atazisoma kabla hazijafa? Maana dakika hizi ni kama bando la simu. Zina tarehe ya mwisho, na ikifika zinaondoka zimetumika au hazikutumika.

Nitawaeleza yaliyotukuta. Mpwa wangu yuko Wete, Kidato cha Tatu, na Hisabati ilikuwa inamshinda. Tukamlipia dakika 480, yaani vipindi 8 vya saa moja, kwa dola 64. Kwa hesabu ya haraka ni dola 8 kwa saa. Mzunguko ulipokwisha alikuwa amesoma vipindi 5 tu, kwa hiyo kila saa tuliilipia dola 12 na senti 80. Vipindi vitatu vilipotea kwa njia tatu mbalimbali: kimoja kwa kuandika saa vibaya, kimoja kwa kuchelewa kuahirisha, kimoja kwa sababu mwalimu tuliyemchagua hakuwa na nafasi. Somo hili linafuata njia hizo hizo, ila naanza na tarehe, kwa kuwa ndiyo inayobana yote mengine.

Hatua ya 1: Ijue siku ya mwisho ya dakika zako

Neno "kwa mwezi" kwenye tangazo lina maana zaidi ya moja. Wako wanaohesabu tangu tarehe uliyolipa mpaka tarehe kama hiyo mwezi unaofuata. Wako wanaohesabu siku 30. Na wako wanaohesabu wiki 4, yaani siku 28. Hao wa siku 28 watakukata mara 13 kwa mwaka, si mara 12. Kwa kifurushi cha dola 64 ni dola 832 badala ya 768. Hilo si wizi, limeandikwa kwenye masharti, lakini ni wewe wa kulisoma kabla ya kutoa pesa.

Ukishajua mzunguko, angalia ukubwa wa kipindi. Pahala pengine hawauzi saa nzima, wanauza vipindi vya dakika 50 na vya dakika 25. Sasa chukua kifurushi cha dakika 240. Vipindi vinne vya 50 vinakula 200, zinabaki 40. Ukaongeza kimoja cha 25, zinabaki 15, na dakika 15 hazitoshi kipindi chochote. Panga utakavyopanga, hizo 15 haziokoki. Uliza kama zinavuka kwenda mzunguko unaofuata. Kama hazivuki, wewe umenunua dakika 225, na bei igawe kwa hizo.

Hatua ya 2: Andika saa kwa lugha ya skrini

Hapa ndipo tulipopoteza kipindi cha kwanza. Dada yangu alitaka saa kumi jioni, mtoto akishatoka skuli na kula. Kwenye kisanduku cha muda akaandika `10:00`. Kwa mtambo, hiyo ni saa nne asubuhi. Mwalimu akaingia, akasubiri, mtoto yuko darasani skuli na simu iko nyumbani. Dakika 60 zikakatwa kwa kutohudhuria.

Saa kumi jioni kwenye skrini ni `16:00` au `4:00 PM`. Kabla ya kuweka nafasi ya kwanza, ingia kwenye mpangilio wa akaunti uhakikishe majira ni `UTC+3`. Kisha weka nafasi moja tu, uitazame inavyosomeka kwenye kalenda, ndipo uendelee na nyengine.

Hatua ya 3: Pima mlango wa kuahirisha

Masharti mengi yanakuruhusu kuhamisha kipindi mpaka saa kadhaa kabla yake: 12, 24, au hata 48. Ukipita hapo, kipindi kinahesabiwa kimesomwa. Watu wanasikia "saa 24" wanaelewa "jana yake". Sivyo. Kipindi cha Jumamosi `16:00` mlango wake unafungwa Ijumaa `16:00` kamili. Sisi tuliahirisha Ijumaa baada ya magharibi, tukiamini bado tuko kwenye siku moja kabla. Kitufe kilikuwa kimeshazimwa.

Jengine la kuangalia ni tofauti ya `Reschedule` na `Cancel`. Cha kwanza kinakutaka uchague muda mpya papo hapo. Cha pili kinazirudisha dakika kwenye salio lako, kama uko ndani ya muda. Kwa vyote viwili, kuhamisha kipindi hakuongezi uhai wa dakika. Dakika zinazokufa tarehe 28 zitakufa tarehe 28, hata kama kipindi umekihamisha kwa haki zako zote.

Tuweke mfano. Malipo yametoka Jumatatu tarehe 1, mzunguko ni siku 28, una vipindi 8. Mtoto anasoma Jumanne na Jumamosi. Jumanne ni tarehe 2, 9, 16 na 23. Jumamosi ni 6, 13, 20 na 27. Jumla 8 kamili, na hapana hata siku moja ya akiba. Kipindi cha tarehe 27 kikiingia dosari, imebaki Jumapili ya tarehe 28 peke yake, na huenda mwalimu siku hiyo hafundishi.

Ninachofanya sasa ni kusogeza mzigo mbele: vipindi vitatu wiki ya kwanza, vitatu wiki ya pili, viwili wiki ya tatu. Wiki ya nne naiacha tupu. Chochote kitakachoharibika kina pa kuhamia, na kikikosa kuharibika, mtoto anapata wiki ya kufanya mazoezi aliyoachiwa. Ikiwa mtoto wako hawezi vipindi vitatu kwa wiki, na wengi hawawezi wakiwa na chuo pia, basi nunua kifurushi kidogo. Kile cha dakika 360 kilikuwa dola 54, sawa na dola 9 kwa saa. Kile kikubwa, ukipoteza kipindi kimoja tu, kila saa inafika dola 9 na senti 14. Unafuu wake unakufa na kipindi cha kwanza kinachopotea.

Hatua ya 4: Uliza mwalimu anapatikanaje, usiulize tu kama anachaguliwa

Kwa nilivyoona, utaratibu ni wa aina tatu. Kuna pahala unamchagua mwalimu na kifurushi kinafungwa kwake. Kuna pahala unapangiwa mwalimu, na kubadilisha ni kwa kuomba. Na kuna pahala unapewa yeyote aliye huru saa ile.

Sote tunapenda kuchagua, na kwa Hisabati mimi bado nasema mwalimu mmoja ni bora, kwa sababu anajua mtoto alikwama wapi. Lakini mwalimu mzuri kalenda yake hujaa. Kipindi chetu cha tatu kilikufa hivyo: dakika 60 zipo, siku nne zimebaki, na mwalimu hana nafasi baada ya saa za skuli. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua kalenda ya mwalimu uhesabu nafasi alizonazo saa ambazo mtoto wako yuko nyumbani, kwa wiki mbili zijazo. Kama unahitaji vipindi 3 kwa wiki, na yeye ana nafasi 3 tu, huna pa kuahirishia. Mimi nataka nione angalau mara mbili ya ninachohitaji.

Uliza pia kama dakika zilizobaki zinaweza kuhamia kwa mwalimu mwengine, na kwa bei ya nani. Mwalimu wa pili akiwa ghali zaidi, salio lako litageuka dakika chache.

Huu ndio ujumbe ninaowatumia huduma kwa wateja kabla ya kulipa. Ukihitaji utafsiri, lakini majibu yake yahifadhi kwa maandishi:

"Mzunguko wangu unaisha tarehe gani na saa ngapi? Dakika zisizotumika zinavuka? Mwisho wa kuahirisha ni saa ngapi kabla ya kipindi? Mwalimu akivunja yeye, dakika zinarudi na tarehe ya mwisho inasogea?"

Swali la mwisho msiliache. Dakika kurudi bila tarehe kusogea, siku ya 27 ya mzunguko, hakukusaidii kitu.

Maswali ya wanachama

Mzazi, Mkoani: Dada, umeme ukikatika katikati ya kipindi, tunahesabiwaje?

Mara nyingi kipindi kinahesabiwa kizima, maana mwalimu yupo na muda wake umeshashikwa. Weka bando kwenye simu iliyochajiwa, ingia kwa simu hata kama picha haionekani vizuri, na umwandikie mwalimu pale pale kwenye kisanduku cha ujumbe cha darasa. Ujumbe ulioandikwa ndani ya muda wa kipindi unabaki kwenye rekodi. Nimeona mwalimu akikubali kurejesha kwa hiari yake, lakini ilikuwa ni hisani, hatuna haki ya kudai.

Mwanafunzi, Mwanakwerekwe: Mwalimu wangu yuko London. Tulikuwa tunasoma saa kumi na moja jioni kila Alkhamisi. Mwishoni mwa Machi nimeingia, kumbe kipindi kimekwisha. Kosa ni langu?

Kosa la saa, mdogo wangu. Uingereza wanasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatusogezi. Saa 8 mchana ya London, wakati wa baridi kwetu ni saa 11 jioni; wakati wa kiangazi chao ni saa 10 jioni. Vipindi vilivyofungwa kwa saa ya mwalimu vinahama vyenyewe. Waandikie ueleze hivyo, na uombe dakika zirudi. Baada ya Jumapili hizo mbili, fungua kalenda upya.

Mama wa watoto watatu, Chake Chake: Bi dada, Ramadhani watoto hawasomi jioni. Nisitishe?

Sitisha, lakini uliza kwanza kinachositishwa ni nini. Kuna kusitisha malipo peke yake, huku dakika ulizonazo zinaendelea kuhesabiwa siku, na kuna kusitisha vyote. Kama ni malipo tu, zimalize dakika kabla ya mwezi kuandama, au hamishia vipindi saa nne asubuhi Jumamosi na Jumapili. Na usitishe kabla ya siku ya kukatwa, maana mzunguko mpya ukishalipwa huwa vigumu kurudishiwa.

Kaka, Konde: Kadi yangu ya pesa za simu ilikuwa haina salio siku ya kukatwa. Dakika zangu zilizobaki 120 zimepotea?

Inategemea kama zilikuwa za kuvuka. Kwa baadhi yao dakika huvuka pale tu malipo mapya yanapopita, na wanakupa siku chache wakijaribu tena kukata. Weka pesa leo, uone kama salio la dakika linarudi, na upige picha ya skrini kabla na baada.