Somo: Kuonja Kahawa Mbili Nyumbani kwa Mabakuli Manne

Somo hili linahusu kuonja kahawa mbili kwa pamoja ili kujua ipi ina harufu nzuri zaidi na ipi ina utamu zaidi. Mfano nitakaoutumia ni wa arabika mbili za Tanzania zilizotayarishwa kwa njia tofauti: ya kwanza inatoka Kilimanjaro, ambako matunda mabivu humenywa, buni ikavundikwa, ikaoshwa kwa maji na kuanikwa, ya pili inatoka Karagwe, mkoani Kagera, ambako matunda huanikwa yakiwa na maganda yake na kukobolewa baada ya kukauka. Zote mbili ni arabika, hivyo tofauti baina yao haijitokezi mara moja kama ilivyo kati ya arabika na robusta, na hapo ndipo utaratibu unapohitajika.

Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba kila kahawa itaandaliwa katika mabakuli mawili, si moja. Mwenye mabakuli mawili tu, moja kwa kila kahawa, hana njia ya kujua kama tofauti anayoiona imetoka kwenye kahawa au kwenye ulimi wake mwenyewe. Mabakuli pacha yanampima muonjaji kabla hajaipima kahawa.

Kabla ya kuchemsha maji

Mwaga buni kidogo za kila kahawa juu ya karatasi nyeupe, uzilinganishe rangi karibu na dirisha. Ikiwa moja ni ya hudhurungi na nyingine imekaangwa hadi ikawa nyeusi na kutoa mafuta, usiendelee, kwa sababu utakuwa unamlinganisha mkaangaji na mkaangaji mwenzake. Moto mkali hufunika karibu kila kitu ambacho shamba na maandalizi yake yameiachia buni. Tazama pia tarehe za kukaangwa. Kahawa ya wiki moja na kahawa ya miezi mitatu hazishindani kwa haki katika harufu, na iliyokaangwa leo asubuhi bado ina gesi nyingi, hivyo ni vyema ikae angalau usiku mmoja.

Tafuta mabakuli manne yanayofanana, yenye kuchukua zaidi kidogo ya mililita 200. Bandika kipande cha plasta chini ya kila moja: mawili ya kahawa ya Kilimanjaro yaandikwe K, mawili ya kahawa ya Karagwe yaandikwe G.

Kupima na kusaga

Kipimo ni gramu 11 za kahawa kwa mililita 200 za maji, ambacho kinakaribiana sana na kile cha waonjaji wa kazi. Pima buni za kila bakuli peke yake na uzisage peke yake, kwa chenga zinazozidi kidogo zile za kahawa ya kuchuja kwa karatasi. Unapohama kutoka kahawa moja kwenda nyingine, saga kwanza punje chache za hiyo inayofuata na uzitupe, ili mabaki ya ile ya kwanza yatoke kwenye mashine.

Kusaga bakuli moja moja kunaonekana kama kupoteza muda, lakini kuna sababu. Punje moja tu yenye kasoro inaweza kuharibu bakuli zima. Katika nchi za Maziwa Makuu, hasa Rwanda na Burundi, ipo kasoro inayofahamika sana ya harufu ya kiazi kibichi, inayohusishwa na wadudu wanaotoboa matunda ya kahawa. Ukisaga kahawa yote pamoja, punje hiyo itachafua mabakuli yote mawili nawe utailaumu kahawa nzima. Ukisaga kila bakuli peke yake, bakuli moja litanuka na pacha wake atabaki salama, nawe utaelewa kilichotokea.

Sasa mpe mtu wa nyumbani ayapange mabakuli upya wakati wewe uko chumba kingine, kisha yaitwe namba 1 hadi 4 kutoka kushoto.

Harufu

Ndani ya dakika 15 baada ya kusaga, inamia kila bakuli, litikise kidogo na unuse unga mkavu. Andika alama papo hapo, kuanzia 1 hadi 5: alama 1 ni harufu hafifu au ya kuchukiza, kama gunia au mbao kuukuu, 3 ni harufu ya kahawa iliyo wazi lakini usiyoweza kuieleza zaidi ya hapo, 5 ni harufu inayokufikia kabla hujainama na ambayo unaweza kuitaja kwa jina, iwe ni sukari guru, ndimu, zabibu kavu au ua.

Chemsha maji ya kunywa yasiyo na chumvi. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi inayobadilisha ladha, kwa hiyo ni afadhali ya chupa. Yanayotakiwa ni ya nyuzi joto 93 hivi. Kwa mtu wa pwani, maji yakishachemka yaachwe birikani dakika moja au mbili. Kwa mtu wa Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, yamiminwe mara yanapochemka.

Mimina ukianzia namba 1, bakuli likiwa juu ya mizani, hadi gramu 200 za maji ziingie na unga wote ulowe. Washa saa. Unga utapanda juu na kufanya tabaka nene, usiuguse. Dakika ya nne ikitimia, weka pua karibu kabisa na bakuli namba 1, sukuma tabaka kwa mgongo wa kijiko mara tatu kuelekea nyuma, na uvute harufu wakati huo huo. Mvuke unaotoka hapo ndio wenye harufu nyingi kuliko wakati mwingine wowote, nao hudumu sekunde chache tu. Suuza kijiko kwa maji ya moto kabla ya kwenda bakuli linalofuata. Andika alama ya pili ya harufu, kisha uondoe povu na unga unaoelea kwa vijiko viwili.

Kufyonza na kupima utamu

Subiri hadi dakika kumi zipite tangu ulipomimina. Chota nusu kijiko kutoka juu bila kuvuruga machicha, gusisha kijiko kwenye mdomo wa chini, na uvute kahawa pamoja na hewa kwa nguvu na kwa haraka, kwa sauti. Sauti hiyo ni ishara kwamba kahawa imerushwa kama rasharasha hadi nyuma ya kinywa, ambako harufu yake hupanda puani kwa ndani. Ukivuta polepole, kahawa hutua ulimini na kubaki hapo. Iviringishe mdomoni sekunde tatu au nne, iteme kwenye kikombe cha pembeni au uimeze, kisha utoe pumzi kwa pua.

Utamu wa kahawa si wa sukari, kwani sukari ya buni karibu yote huungua wakati wa kukaangwa. Kwa sehemu kubwa ni harufu ambayo ubongo unaihesabu kama utamu. Jaribu kufyonza ukiwa umebana pua: utabaki na uchachu na uchungu, na utamu utarudi mara tu unapoiachia pua. Katika kutoa alama, 1 ni kahawa inayokausha ulimi kwa uchungu. 3 ni ile ambayo utamu wake unasikika lakini unapotea ukishameza. 5 ni ile ambayo utamu wake unabaki mdomoni nusu dakika baada ya kumeza.

Onja mabakuli yote yakiwa ya moto, kisha uyarudie dakika ya 25 au ya 30, yakiwa na joto la mwili. Mzunguko huu wa pili usiachwe. Joto kali huficha utamu na kasoro pia, na kwa maoni yangu alama ya utamu inayotolewa kahawa ikiwa ya moto tu haina thamani kubwa.

Kusoma alama

Hizi ni alama za mfano, zilizoandikwa kabla ya mabakuli kupinduliwa. Harufu ya unga: 3, 5, 3, 4. Utamu wa moto: 3, 3, 2, 4. Utamu wa kupoa: 4, 3, 4, 3. Plasta zilionyesha kwamba namba 1 na 3 ni Kilimanjaro, namba 2 na 4 ni Karagwe.

Katika harufu ya unga, Kilimanjaro ina wastani wa 3 na Karagwe 4.5. Pengo baina ya kahawa ni alama moja na nusu, ilhali pacha waliotofautiana zaidi wametofautiana kwa alama moja. Hukumu inakubalika, Karagwe inashinda. Katika utamu wa moto wastani ni 2.5 na 3.5, pengo la alama moja, lakini pacha nao wametofautiana kwa alama moja. Hapo hakuna hukumu, ingawa jicho linatamani kuipa Karagwe ushindi. Zilipopoa, pacha walilingana kabisa na Kilimanjaro ikapita kwa alama moja. Kanuni ni hiyo: pengo baina ya kahawa lizidi pengo baina ya pacha.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sina mizani. Naweza kutumia kijiko cha chakula?*

Marahaba. Kijiko hupima ujazo, na buni za kahawa mbili huweza kujaza kijiko sawa huku uzito ukitofautiana, hasa zikiwa zimekaangwa tofauti. Ning'iniza vikombe viwili vyepesi kwenye ncha za hanga ya nguo, uweke buni za bakuli la kwanza upande mmoja, kisha usawazishe nyingine tatu dhidi yake moja baada ya nyingine. Hutajua ni gramu ngapi, lakini zitakuwa sawa, na usawa ndio muhimu zaidi hapa.

*Ndugu mwandishi, huku Mombasa tunanunua kahawa iliyokwisha kusagwa, laini sana, ya kahawa chungu. Utaratibu huu unaifaa?*

Kwa harufu haufai, kwa sababu sehemu kubwa ya harufu imeshapotea dukani. Unga laini pia hauzami vizuri na hutoa uchungu mwingi ndani ya dakika nne. Muombe muuzaji akuuzie buni nzima zilizokaangwa.

*Mimi alama zangu zote ni 3. Nifanyeje?*

Acha alama kwa muda, dada. Andaa mabakuli matatu, mawili ya kahawa moja na moja ya nyingine, yapangwe usipoyaona, nawe utafute lile lililo tofauti. Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja katika tatu, kwa hiyo rudia siku kadhaa. Ukiona unalipata karibu kila mara, tofauti unaisikia na kilichobaki ni ujasiri wa kutumia 2 na 4. Usipolipata, kahawa hizo mbili zinafanana mno kwako, basi badilisha moja uweke robusta ya Bukoba uanzie hapo.

*Je, naweza kuongeza sukari kidogo ili niusikie utamu vizuri?*

Hapana, kaka. Sukari ya kijiko itasawazisha mabakuli yote manne. Iweke kwenye kile utakachokunywa baada ya alama kuandikwa.